Mbona SMS ya serikali haikusukumi? Somo la 'Mambo?' kwa vijana wa Bodo

Tuseme wewe ni kijana wa Bodo, huku Ramisi, Kaunti ya Kwale. Ni katikati ya Juni. Kusi imekaza, mitumbwi mingi imevutwa nchi kavu, na hata anayevusha watu kwenda Funzi anachagua saa ya kutoka. Umeketi kivulini, simu inalia. Ni SMS. Unasoma maneno matatu ya kwanza, unaona ni mambo ya ofisi ya serikali, unairudisha simu mfukoni. Siku mbili baadaye hukumbuki hata kama iliwahi kuingia.

Usijilaumu sana. Karibu kila mtu hufanya hivyo. Lakini hapo kivulini kuna pesa zimepotea, na ni vizuri ujue zimepoteaje.

Chukua suala la PIN ya KRA. Wengi wenu mliichukua mkiwa mmetoka tu sekondari, kwa sababu HELB waliitaka, au kuna kazi ya kaunti ilitangazwa, au mlitaka kufungua akaunti ya benki. Mhudumu wa saiba alijaza fomu, akakuchapishia cheti, ukalipa, mambo yakaisha. Kumbe hayajaisha. PIN ikishasajiliwa na wajibu wa ushuru wa mapato, kila mwaka unatakiwa uwasilishe taarifa ya mapato ya mwaka uliopita, na siku ya mwisho ni Juni 30. Hata kama hukupata senti, unatakiwa useme kwamba hukupata. Usiposema, faini ya mtu binafsi ni Sh2,000, au asilimia tano ya ushuru anaodaiwa ikiwa hiyo ndiyo kubwa zaidi. Miaka minne ya kunyamaza ni Sh8,000, kwa mtu ambaye hakudaiwa ushuru wowote. Mara nyingi anagundua siku ile amepata kazi na anaitishwa hati ya KRA.

Sasa jiulize: kijana huyu ni mkwepa ushuru? Hapana. Hana hata ushuru wa kukwepa. Alisahau, au hakuelewa. Na ofisi ikimtendea kama mkwepa ushuru, itampiga kwa fimbo isiyotibu ugonjwa wake.

Hapo ndipo inapoingia elimu ambayo ofisi nyingi za umma duniani zimeanza kuitumia. Badala ya kuongeza faini au kubandika matangazo makali, wanachunguza ni wapi hasa mtu anakwama, kisha wanabadilisha kitu kidogo: maneno ya barua, siku ya kutuma ujumbe, au kile kinachotokea mtu asipofanya lolote. Kuna sababu tatu ambazo watu huchanganya sana: kusahau, kutoelewa na kutoweza. Kila moja ina dawa yake, na ukimpa mtu dawa ya mwenzake haimsaidii.

Kusahau: neno moja kila Jumatatu

Mfano bora wa kutibu kusahau haukutoka Ulaya. Ulifanyika hapa Kenya, na kwa Kiswahili cha mtaani.

Kati ya 2007 na 2008, watafiti wakiongozwa na daktari Richard Lester walifanya jaribio katika kliniki tatu zinazohudumia watu wenye virusi vya ukimwi. Mbili zilikuwa Nairobi na moja Kajiado. Wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine, pamoja na huduma hiyo, walipata SMS moja kila wiki kutoka kwa muuguzi. SMS yenyewe ilikuwa neno moja: "Mambo?"

Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48. Kama yuko salama, anaandika "Sawa". Kama kuna tatizo, anaandika "Shida". Aliyejibu "Shida", na yule ambaye hakujibu kabisa, alipigiwa simu na muuguzi.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2010. Katika kundi la SMS, asilimia 62 walisema wanafuata dawa zao vizuri, dhidi ya asilimia 50 katika kundi lingine. Mtu anaweza kudanganya kuhusu dawa, kwa hivyo walipima damu pia. Waliokuwa na virusi vilivyodhibitiwa walikuwa asilimia 57 katika kundi la "Mambo?" na asilimia 48 kwa wengine. Neno moja kwa wiki lilifanya hivyo.

Lakini tazama vizuri, maana hapa ndipo ofisi nyingi hunakili vibaya. Wanaona SMS, wananunua mfumo wa kutuma SMS laki moja kwa mpigo, halafu wanashangaa hakuna kilichobadilika. Kilichofanya kazi kilikuwa na vipande vitatu, na SMS ilikuwa kimoja tu.

Kwanza, ujumbe haukutaja ugonjwa wala dawa. Kama mke, mjomba au jirani angeishika simu, angeona salamu tu. Pili, ulikuwa swali, na swali linadai jibu. Tangazo unalipita, lakini mtu akikuuliza "Mambo?" ukinyamaza unajisikia vibaya. Tatu, na hiki ndicho kikubwa, upande wa pili kulikuwa na binadamu. Ukisema shida, simu inalia. Ukiondoa huyo muuguzi, "Mambo?" inabaki kelele nyingine kwenye simu.

Kuna jaribio jingine lililofanywa Chulaimbo, magharibi mwa Kenya, na matokeo yake yakachapishwa 2011. Hapa SMS zilikuwa za kukumbusha tu, bila kusubiri jibu. Watafiti waliwagawa wagonjwa 431: wengine hawakupata ujumbe, wengine walipata kila siku, wengine mara moja kwa wiki. Chupa za dawa zilikuwa na vifuniko vinavyorekodi kila zinapofunguliwa, kwa hivyo hawakutegemea maneno ya mgonjwa. Waliopata ujumbe mara moja kwa wiki, asilimia 53 kati yao walifikia kiwango kizuri cha kufuata dawa, dhidi ya asilimia 40 ya wasiopata ujumbe. Na waliopata kila siku je? Haikuwasaidia. Kinacholia kila siku masikio hukizoea, kama jenereta ya jirani. Hata kuongeza maneno ya kutia moyo hakukufanya ujumbe uwe na nguvu kuliko ule mfupi.

Kwa hivyo ukisikia ofisi ikijisifu imetuma SMS kumi kwa kila mwananchi, usiwapigie makofi haraka. Waulize: mtu akijibu, nani anasoma?

Kutoelewa: iandike upya

Turudi Bodo, kwenye PIN yako. Hebu fikiria ujumbe wa aina hii, ambao nimeutunga mwenyewe kwa kufuata lugha ya ofisi tunayoijua sote:

"Unakumbushwa kwamba kwa mujibu wa sheria za ushuru, walipa ushuru wote wanatakiwa kuwasilisha taarifa zao za mapato kabla ya muda kukamilika ili kuepuka adhabu."

Kila neno hapo ni sahihi. Tatizo ni kwamba kijana wa Bodo anausoma na kusema, "Hainihusu." Yeye si mlipa ushuru, kwa maoni yake. Hana mapato, kwa hivyo hana taarifa ya mapato. "Muda kukamilika" ni lini? "Adhabu" ni kiasi gani? Na afanye nini sasa hivi, hapo alipokaa? Ujumbe mzima haumwambii. Hata angekuwa na kumbukumbu kama ya kompyuta, asingefanya kitu, kwa sababu shida yake si kusahau.

SMS moja ya kawaida ina nafasi ya herufi 160. Jaribu hii, ambayo haifiki hapo:

"KRA: Hukuwa na mapato mwaka jana? Bado sharti useme hivyo kufikia 30 Juni. Ni bure. Ukikosa, faini ni Sh2,000. Umekwama? Jibu SHIDA."

Angalia kilichobadilika. Sentensi ya kwanza inamkamata yule hasa ambaye angejitoa. Neno "bado" linavunja imani yake potofu kwamba asiye na kitu hadaiwi kitu. Tarehe imetajwa, gharama imetajwa, faini imetajwa kwa shilingi, na mlango wa kuomba msaada umeachwa wazi. Hakuna neno "sheria". Anayetaka kifungu atakitafuta.

Kuna ofisi zingeona ujumbe huu ni laini mno, zikataka kuongeza vitisho. Rwanda wamelijaribu swali hilo. Mamlaka ya mapato ya nchi hiyo ilishirikiana na watafiti kutuma jumbe tofauti kwa walipa ushuru: wengine walitishiwa kwa faini na mashtaka, wengine waliambiwa ushuru unajenga nini, wengine walikumbushwa tu. Kwa jumla, jumbe za upole zilileta pesa zaidi kuliko vitisho, na SMS na barua pepe zikashinda barua za karatasi. Si kwamba faini haina maana. Ila mtu ambaye alikuwa tayari kulipa ukimtisha unamfukuza tu.

Lakini kuna mtego wa hapa kwetu ambao SMS yoyote lazima iuvuke: matapeli. Nani kati yetu hajapata ujumbe wa "umeshinda" au "tuma ile pesa kwa namba hii"? Mtu wa Bodo mwenye akili timamu, akipata SMS inayomwambia alipe haraka la sivyo atapigwa faini, atashuku. Na anafanya vyema kushuku. Kwa hivyo ujumbe wa ofisi usiombe pesa kwenda namba ya mtu, usiombe neno la siri, usiwe na kiungo cha ajabu cha kubofya. Na habari hiyohiyo isikike mahali pengine ambapo mtu anaweza kuuliza uso kwa uso: kwenye baraza la chifu, kwa kamati ya BMU pale wanapopokea samaki, kwa mhudumu wa afya wa kijiji. Ikisikika sehemu mbili, SMS inaaminika.

Na jambo moja ulishike kabla hujakimbilia saiba. Taarifa ya sifuri ni ya yule ambaye hakupata mapato. Kama ulivua ukauza, au ulilipwa kwa kibarua, hayo ni mapato na yana fomu yake, hata kama ni kidogo kiasi kwamba ushuru wenyewe unatoka sifuri. Asiyezidisha Sh24,000 kwa mwezi, nafuu ya kibinafsi ya Sh2,400 huula ushuru wote. Mhudumu akikubonyezea "sifuri" bila kukuuliza, si kwamba amekusaidia, amekuwekea uongo kwa jina lako.

Usipofanya lolote, nini hutokea?

Sasa tuje kwenye chombo chenye nguvu kuliko SMS zote. Waandishi wa kompyuta hukiita chaguo-msingi. Maana yake ni rahisi: kile kinachotokea usipofanya lolote.

Linganisha ndugu wawili. Mmoja ameajiriwa hotelini Diani, mwingine anavua Bodo. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, sheria imewataka wote wawili wachangie bima ya afya kwa kiwango kilekile, asilimia 2.75 ya mapato, na si chini ya Sh300 kwa mwezi. Lakini yule wa Diani hafanyi lolote. Mwajiri anakata kabla mshahara haujamfikia. Kwake, kutofanya kitu ni kulipa. Yule wa Bodo lazima ajisajili, ajibu maswali kuhusu nyumba na mali yake, apewe kiwango, kisha atafute pesa ya mwaka mzima na kuilipa kwa mkupuo. Hata akiwa kiwango cha chini kabisa, ni Sh3,600 kwa siku moja. Kwake, kutofanya kitu ni kukosa.

Ukiona wa Diani wamelipa na wa Bodo hawajalipa, usikimbilie kusema watu wa mjini wana nidhamu. Mmoja amewekwa kwenye mteremko, mwingine kwenye mlima.

Hapa pia lugha imechangia kuchanganya watu. Kujisajili SHA na kulipa SHA ni mambo mawili. Ukijisajili tu, unahudumiwa kwenye zahanati na vituo vya afya bila kulipa, kwa sababu kuna mfuko mwingine wa huduma za msingi. Lakini mkeo akihitaji upasuaji wa kujifungua Hospitali ya Rufaa ya Msambweni, hapo mchango lazima uwe umelipwa. Mtu aliyeambiwa "jisajili upate matibabu" na akajisajili, anaamini amemaliza. Siku ya dharura ndipo anaambiwa hajalipa. Hakuna SMS ya kukumbusha itakayomwokoa huyo, kwa sababu hakuna alichosahau. Aliambiwa nusu ya habari.

Kumbuka pia kwamba chaguo-msingi linaweza kukuumiza. PIN yako ni ushahidi. Mhudumu wa saiba alipoweka alama kwenye wajibu wa ushuru wa mapato, alikuingiza kwenye mpango ambao usipofanya lolote, unatozwa faini. Kwa hivyo kila ofisi inapochagua nini kitatokea mwananchi akinyamaza, ijiulize: huyu mtu angeelezwa vizuri, angechagua hivi? Na akitaka kutoka, mlango uko wapi? Chaguo-msingi lisilo na mlango wa kutokea ni amri iliyovaa kanzu ya hiari.

Kutoweza: kalenda ya Nairobi na kalenda ya bahari

Sasa tuseme umekumbuka na umeelewa, ila mfukoni hakuna. Hapa ndipo vikumbusho hugeuka kuwa kejeli. Ukimkumbusha mvuvi kulipa Sh3,600 mwezi wa Julai, wakati kusi imefunga bahari na jioni anawaza unga, unamkumbusha tu kwamba hana.

Lakini mvuvi huyohuyo si kwamba hana mwaka mzima. Kaskazi ikiingia, kuanzia Novemba hadi Machi, bahari inatulia na pesa inaingia. Tatizo ni kwamba pesa ya kaskazi haikai ikisubiri kusi. Karo, nyavu, harusi na madeni ya duka huifikia kwanza.

Jambo hili limechunguzwa kwa wakulima wa Busia. Wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliona kwamba wakulima wengi walitaka kununua mbolea, na walisema wazi kwamba watanunua, lakini msimu wa kupanda ulipofika pesa ya mavuno ilikuwa imekwisha. Wakatengeneza mpango ulioitwa SAFI. Mtu alimtembelea mkulima mara tu baada ya mavuno, wakati ana pesa, akampa nafasi ya kulipia mbolea hapohapo kwa bei ya kawaida, na kuletewa bila nauli. Kitu chenyewe kilikuwa kidogo, ila kilikuja siku ya pesa. Matumizi ya mbolea yalipanda kwa asilimia 47 hadi 70. Kutembelewa msimu wa kupanda na kupewa ofa ileile ya kuletewa bure hakukuwa na nguvu hiyo. Ili kupata matokeo ya karibu na hayo msimu huo, ilibidi bei ipunguzwe nusu nzima.

Ukiitafsiri Busia kwa lugha ya Bodo, unapata kitu wazi: ofisi isimwombe mvuvi mchango Julai. Ije Desemba au Januari, pale pale samaki wanapopimwa na kulipwa, ikubali vipande vidogo, na impe risiti papo hapo. Serikali yenyewe imekubali kwamba malipo ya mkupuo ni mzigo, ndiyo maana kukaja mpango wa Lipa SHA Pole Pole, unaomwezesha mtu kupata mkopo wa kulipia mwaka kisha kuurudisha kidogo kidogo. Ni hatua. Ila mkopo unaodai kila mwezi sawa, Januari na Julai, bado unafuata mshahara wa ofisini, haufuati upepo. Kwa anayeishi kwa misimu, fungu kubwa kaskazi na fungu dogo kusi ndiyo hesabu inayoingia akilini.

Utajuaje kama imefanya kazi?

Ofisi ikishabadilisha ujumbe, itakuja na taarifa: "Tumetuma SMS, na waliolipa wameongezeka." Usikubali upesi. Huenda wameongezeka kwa sababu siku ya mwisho ilikuwa imekaribia, au kwa sababu ya tangazo la redio. Njia ya kujua ni moja: vijiji vingine vipate ujumbe mpya na vingine vibaki na wa zamani, nani apate nini ichaguliwe kwa kura, halafu ulinganishe.

Hivyo ndivyo walivyofanya Siaya katika chanjo za watoto, na matokeo yake, yaliyochapishwa 2017, yana adabu ya kutufundisha. Vijiji 152 viligawanywa mara nne. Vya kwanza havikupata SMS. Vya pili vilipata SMS za kukumbusha. Vya tatu vilipata SMS pamoja na Sh75 kwa kila chanjo iliyopigwa kwa wakati, na vya nne SMS pamoja na Sh200. Bila SMS, asilimia 82 ya watoto walimaliza chanjo zao kufikia mwaka mmoja. Kwa SMS peke yake ni asilimia 86, na tofauti hiyo ilikuwa ndogo kiasi kwamba ingeweza kuwa bahati tu. Ni kwenye Sh200 pekee, ambako walifika asilimia 90, watafiti waliweza kusema kwa uhakika kwamba kuna kilichobadilika.

Kwa nini "Mambo?" ilifaulu na SMS hizi zikafanya kidogo? Sababu moja ni kwamba Siaya wazazi wengi walikuwa tayari wanapeleka watoto. Ukianzia asilimia 82, waliobaki si wasahaulifu tu. Wako walio mbali, wasio na nauli, wanaoifikia zahanati wakakuta chanjo zimekwisha. Kikumbusho hakijengi barabara wala hakijazi friji ya chanjo. Hata Marekani, watafiti wawili walipokusanya majaribio ya ofisi za serikali pamoja, mwaka wa 2022, waliona kwamba misukumo hii midogo iliongeza matokeo kwa wastani wa pointi 1.4 tu za asilimia, ilhali majaribio yaliyochapishwa kwenye majarida ya wasomi yalionyesha 8.7. Yanayochapishwa ni yale yaliyong'aa.

Pointi 1.4 si kitu cha kudharau kama gharama yake ni SMS. Ila ni kitu cha kukufanya umkatize kiongozi anayekwambia shida za hospitali zitaisha kwa ujumbe wa simu.

Sasa wewe ufanye nini?

Leo, kabla Juni haijakaribia, ingia itax.kra.go.ke uangalie PIN yako imesajiliwa na wajibu gani na kama kuna faini imejikusanya. Usingoje wiki ya mwisho ya Juni, ambapo saiba zote zimejaa na mfumo unakwenda kwa kujikokota. Kwa SHA, piga *147# uone umesajiliwa tu au umelipa pia. Hayo mawili usiyachanganye tena.

Na siku ofisa atakapokuja kwenye baraza Bodo kulalamika kwamba vijana hawatii, nyoosha mkono umuulize maswali matatu. Wasiofanya, wamesahau, hawajaelewa au hawawezi, na mmejuaje? Ujumbe wenu ukijibiwa "Shida", nani ataupokea? Na mbona mnatuitisha pesa ya mwaka wakati wa kusi?

Akiweza kujibu hilo la tatu, basi amewahi kufika Bodo.